Jina moja, tahajia moja: kuhamisha majina ya cheti katika herufi za Kiarabu

Mwananchi anayekwenda Omani, Saudia au Falme za Kiarabu kwa ajira, masomo au ndoa mara nyingi hutakiwa kuwasilisha tafsiri ya Kiarabu ya cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa au cha elimu. Siku hizi cheti hicho hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mfasiri. Maelezo yaliyomo katika cheti hutafsiriwa, lakini jina la mtu halitafsiriwi: huhamishwa kutoka herufi za Kilatini kwenda herufi za Kiarabu. Hapo ndipo jina moja linapoweza kupata tahajia mbili. Cheti cha ndoa kikiwa na tahajia moja na kibali cha ukaazi kikiwa na nyingine, afisa anayelinganisha nyaraka hizo huona watu wawili, na mwenye jina ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja.

Chanzo cha tofauti

Majina mengi ya Waswahili yana asili ya Kiarabu, lakini yalipoingia katika matamshi ya Kiswahili yalipoteza baadhi ya sauti zake. Tazama majina Hamisi, Hasani na Haruni. Katika cheti yote matatu yanaanza kwa herufi h, ilhali katika Kiarabu kila moja lina herufi yake: خميس, حسن na هارون. Mfasiri anayefuata macho tu hawezi kujua ni h ipi. Sharti alijue jina lenyewe.

Irabu ya mwisho nayo ina mtego wake. Saidi kwa asili ni سعيد. Mfasiri akiihamisha ile i ya Kiswahili na kuandika سعيدي, msomaji wa Kiarabu hulichukua kuwa jina la nasaba, yaani mtu wa ukoo fulani, na si jina alilopewa mtoto.

Kwa upande mwingine, Kiarabu sanifu kina herufi 28 na hakina p, v, g wala ch. Waandishi wa zamani wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walitatua jambo hilo kwa kuongeza nukta, kama katika پ na چ, lakini herufi hizo si sehemu ya alfabeti sanifu ya Kiarabu. Katika nyaraka p huandikwa kwa kawaida ب, v huandikwa ف na ch huandikwa تش. Herufi g haina mwafaka: Mmisri huiandika ج, na kwingineko hutumika غ au ق. Aidha, herufi و hubeba o na u, na ي hubeba e na i.

Kazi huanza kwenye picha

Cheti kilazwe juu ya meza, kipigwe picha kutoka juu moja kwa moja, kingo zote nne zikionekana, bila kivuli cha mkono wala mng'ao wa taa. Picha inapotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Ni bora itumwe kama faili. Vyeti vya zamani vilivyojazwa kwa mkono vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa n hufanana na u, a hufanana na o, na r ikifuatwa na n husomeka kama m.

Kabla ya kuandika herufi yoyote ya Kiarabu, mfasiri anapaswa kunakili majina yote kwa herufi kubwa za Kilatini na kumrudishia mwenye cheti ayathibitishe, pamoja na picha ya ukurasa wa pasipoti wenye jina lake. Kosa la kusoma likipita hapa, litaonekana kama tahajia halali ya Kiarabu na hakuna atakayelishuku.

Mfano wa hatua kwa hatua

Tuchukue jina la mfano, HADIJA JUMA PANDU, lililoandikwa hivyo katika cheti na katika pasipoti.

Swali la kwanza ni iwapo mwenye jina tayari ana waraka wa Kiarabu uliotolewa na mamlaka, kama vile viza, kibali cha ukaazi au kitambulisho. Ukiwapo, tahajia yake hufuatwa hata kama mfasiri angependelea nyingine, kwa sababu ndiyo iliyokwisha kuingia katika kumbukumbu za nchi husika.

Usipokuwapo, kila jina hupimwa peke yake. Hadija ni jina linalojulikana kwa Waarabu, hivyo hurudishwa katika asili yake: خديجة. Kuliandika kwa kufuata sauti, هاديجا, kungelifanya lionekane jina geni. Juma vilevile hurudi kuwa جمعة, wala si جوما. Pandu si jina la Kiarabu, hivyo hufuatwa sauti: باندو. Jina kamili ni:

```
خديجة جمعة باندو
HADIJA JUMA PANDU
```

Mstari wa pili si pambo. Mtu asiyemfahamu mwenye jina akipewa mstari wa kwanza peke yake na kuombwa aurudishe katika herufi za Kilatini, anaweza kuandika KHADIJA JUMAA BANDO, na hatakuwa amekosea kusoma. Herufi za Kiarabu hazina uwezo wa kumwonyesha p ya Pandu wala kumkataza o. Kwa hiyo jina la Kilatini, kama lilivyo katika pasipoti, liwekwe kando ya lile la Kiarabu kila linapotajwa.

Kurudisha jina katika asili nako kuna mpaka. Salum huweza kuandikwa سالم, lakini iwapo katika familia hiyo yupo pia Salim, ndugu wawili watakuwa na jina moja katika Kiarabu. Hapo ni salama kumwandika Salum kwa sauti, سلوم. Vilevile, mfasiri asiongeze بن au بنت, yaani bin au binti, kati ya majina ikiwa cheti hakina.

Kuitunza tahajia

Tahajia ikishakubaliwa, mwenye jina ahifadhi maandishi yake katika simu na kumpa kila mfasiri anayefuata, ayanakili bila kuyachapa upya. Kuchapa upya huleta tofauti ambazo jicho halizioni kwa urahisi: kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu hutoa ک mahali pa ك, na kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti (U+06A9 na U+0643). Vivyo hivyo احمد bila hamza na أحمد yenye hamza, au عبدالله iliyounganishwa na عبد الله yenye nafasi, huweza kulifanya jina lisipatikane linapotafutwa katika mfumo.

Asichoweza mfasiri

Ikiwa cheti kinasema HADIJA na pasipoti inasema KHADIJA, tafsiri ya Kiarabu itaificha tofauti hiyo, kwani yote mawili huandikwa خديجة, lakini haitaiondoa. Mfasiri huhamisha kilichoandikwa. Hana mamlaka ya kukisahihisha. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa hufanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa Tanzania Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Ni vyema yafanyike kabla ya cheti kupigwa picha na kutumwa, kwa sababu tahajia ikishaingia katika kibali cha ukaazi cha nchi nyingine, kuibadilisha kunahitaji idhini ya mamlaka za nchi hiyo.