Siku /var Ilipopotea: Kwa Nini Mac Humkatalia Hata Msimamizi Wake

Jioni ya Jumatatu, 23 Septemba 2019, wahariri wa filamu na vipindi vya televisheni mjini Los Angeles walianza kuulizana maswali yaleyale. Kompyuta zao za Mac Pro zilikuwa zikikwama, na iliyozimwa haikuwaka tena. Wengi walikuwa wakitumia programu ya kuhariri ya Avid Media Composer, hivyo lawama za kwanza ziliiangukia Avid, na kampuni hiyo ikawashauri wateja wasizime mashine zilizokuwa bado zinafanya kazi.

Haikuchukua muda mhusika akajulikana, na hakuwa kirusi wala mdukuzi. Alikuwa Chrome, kivinjari cha Google, au tuseme kipande chake kidogo kiitwacho Keystone ambacho kazi yake ni kuleta matoleo mapya kimyakimya. Google ilieleza kwamba toleo moja lilikuwa limetoka na kasoro iliyoharibu mpangilio wa faili wa Mac. Lakini si kila Mac. Ziliumia zile ambazo mwenyewe alikuwa amezima kinga fulani ya mfumo, pamoja na zile za zamani zisizokuwa nayo kabisa. Nyingine zilipokea toleo lilelile zikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kinga hiyo kwenye skrini husomeka System Integrity Protection, na mafundi huiita SIP kwa ufupi. Ilikuja na OS X El Capitan, toleo la 10.11, tarehe 30 Septemba 2015. Sheria yake inawashangaza wengi wanaokutana nayo mara ya kwanza: kuna sehemu za kompyuta ambazo mwenye kompyuta hawezi kuzibadilisha hata akiandika neno lake la siri kwa usahihi.

Ili kuelewa ukali huo ni lazima tumjue root. macOS ni ya ukoo wa Unix, na katika ukoo huo root ni akaunti isiyokatazwa kitu: husoma faili lolote, hufuta lolote, huzima programu yoyote. Mtumiaji wa kawaida hafanyi kazi kama root, ila msimamizi anaweza kuazima uwezo huo kwa kuandika neno lake la siri. Sasa fikiria Mac ya nyumbani au ya ofisi ndogo. Ina mtumiaji mmoja, naye ndiye msimamizi. Kila programu inayotaka kusakinishwa humwomba neno la siri, naye huandika huku akiwaza mengine. Kuanzia hapo programu ile ina uwezo wa root, iwe ni ya kuchapisha nyaraka au ya mwizi. Tena wakati mwingine hata neno la siri halihitajiki. Katikati ya 2015 mtafiti Stefan Esser alieleza kasoro ya OS X 10.10 iliyompa root mtu yeyote aliyekuwa ndani ya mashine, na kabla Apple hawajaiziba tayari ilikuwa ikitumiwa na watu wanaosambaza matangazo ya kero.

Kwa hiyo SIP haikujaribu kumfanya root awe mgumu zaidi kupatikana. Ilimpunguzia madaraka. Watu wa Pwani wanaoijua mali ya wakfu wataelewa upesi: msimamizi wa wakfu hukusanya kodi, hukarabati nyumba, hutoa na kuingiza wapangaji, lakini kuiuza hawezi. Vivyo hivyo msimamizi wa Mac anatawala mashine yake, isipokuwa folda za `/System`, `/bin`, `/sbin` na `/usr`, pamoja na programu zilizokuja na mfumo wenyewe. Ndani ya `/usr` imeachwa folda moja wazi, `/usr/local`, ili watu wapate pa kuweka zana zao.

Anayezuia ni kiini cha mfumo chenyewe, kile kinachosimama kati ya programu na diski. Programu inapoomba kubadilisha faili, kiini hakiishii kuuliza akaunti ni ya nani. Hutazama kama faili lina alama ya kulindwa, kisha hutazama kama programu inayoomba imetiwa saini na Apple na kupewa kibali maalumu cha kugusa vitu hivyo. Wenye kibali ni wachache, kama vile kisakinishi cha matoleo ya mfumo. Wewe na root wako hamumo.

Alama hiyo inaonekana kwa macho. Fungua Terminal uandike:

```
ls -ldO /usr /usr/local /var
```

Kwenye mstari wa `/usr` na wa `/var` utaona neno `restricted`. Kwenye `/usr/local` hulioni. Hapo ndipo tunapowarudia wahariri wa Los Angeles.

`/var` kwenye Mac si folda halisi. Ni kiungo kinachoelekeza kwenye `/private/var`, ambako mfumo huweka kumbukumbu za matukio, orodha ya watumiaji, faili za muda, na njia ambazo programu hupitia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Maelfu ya mistari ya programu imeandikwa kwa kuamini kwamba `/var` ipo. Kasoro ya Keystone ilikiondoa kiungo hicho. Vitu vyote vilibaki salama ndani ya `/private/var`, ila hakuna aliyejua tena njia ya kuvifikia. Programu zilizokuwa tayari zinaendelea zilijikongoja kwa muda. Mashine iliyojaribu kuwaka upya ilishindwa, maana hata orodha ya watumiaji haikupatikana mahali ilipotarajiwa.

Kwenye Mac yenye SIP, ombi lilelile la kukifuta kiungo liligonga alama ya `restricted` na kukataliwa. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya waliolala usingizi na waliokesha studio.

Tiba iliyochapishwa na Google inatufundisha zaidi kuliko ugonjwa. Mtu aliwasha Mac katika hali ya ukarabati, akafungua Terminal, akaingia kwenye diski yake, akaondoa Keystone mbovu, kisha akaandika amri ambazo kiini chake ni hiki:

```
mv var var_back
ln -sh private/var var
chflags -h restricted /var
xattr -sw com.apple.rootless "" /var
```

Mstari wa kwanza unakiweka kando chochote kilichobaki kwa jina la `var`, wa pili unaunda kiungo upya. Miwili ya mwisho ndiyo inayotuhusu: inarudisha alama ya ulinzi, ili safari nyingine SIP ikiwa imewashwa ijue kwamba kiungo hiki hakiguswi. Amri hizo zinakubaliwa katika hali ya ukarabati kwa sababu hapo mfumo wa kwenye diski haujawashwa, na aliye mbele ya mashine ameshika kibodi kwa mkono wake. Ni kwa sababu hiyohiyo SIP yenyewe huzimwa kutoka hapo tu. Programu haiwezi kuizima wakati wewe unaangalia video, hata ikiwa na root.

Kwa nini basi wahariri wale walikuwa wameizima? Wengi hawakufanya hivyo kwa uzembe. Mashine za kuhariri hufungwa kadi za picha na vifaa vya kampuni nyingine, na baadhi ya viendeshaji vyake havikukubali kukaa pamoja na SIP. Fundi huizima asubuhi ili kazi iende, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Mimi nawalaumu zaidi watengenezaji wa vifaa ambao maelekezo yao huanza na "zima SIP", kama kwamba ni jambo la dakika mbili.

Tangu wakati huo Apple wameongeza kuta. Catalina ya Oktoba 2019 ilitenga mfumo kwenye sehemu yake ya diski isiyoandikika. Big Sur ya Novemba 2020 ikaitia sehemu hiyo muhuri wa kihisabati unaogundua hata herufi moja ikibadilishwa. Ndiyo maana siku hizi ukigusa sehemu za mfumo unaweza kupata jibu la `Read-only file system` badala ya `Operation not permitted`. Yote mawili ni tofauti na `Permission denied`, ambalo ni katazo la kawaida la ruhusa na ambalo kwa kawaida `sudo` hulitatua. Ukiona `Operation not permitted` hata baada ya kutumia `sudo`, tena ndani ya folda za mfumo, acha kubishana na mashine. Umeifikia SIP.

Kinga hii haifiki mbali kama watu wanavyodhani. Picha zako, nyaraka zako na kazi za wateja hazimo ndani ya eneo lake, na programu ya kuteka faili kwa fidia inaweza kuzifunga zote bila kugusa `/System` hata kidogo. Kwa hayo dawa ni nakala ya akiba. Pia wenye kibali wanaweza kudanganywa. Mwaka 2021 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba kisakinishi cha Apple, kikiendesha maagizo yaliyomo ndani ya kifurushi, huita programu ya `zsh`, nayo `zsh` kila ikianza husoma faili la `/etc/zshenv`. Faili hilo halilindwi na SIP. Aliyekuwa na root aliandika humo alichotaka, akasubiri kifurushi cha Apple kisakinishwe, na maneno yake yakatekelezwa kwa kibali cha kisakinishi. Kasoro hiyo, waliyoiita Shrootless, ilizibwa Oktoba mwaka huohuo. Ambaye hasasishi mfumo wake bado anaishi nayo.

Kama unatumia Mac, hasa uliyoinunua ikiwa imetumika, fanya ukaguzi huu leo:

```
csrutil status
```

Jibu unalolitaka ni `enabled`. Ukipata `disabled`, washa mashine katika hali ya ukarabati: kwenye Mac za Intel shikilia Command na R inapowaka, kwenye zenye chipu za Apple iwashe huku ukiendelea kushikilia kitufe cha kuwashia hadi machaguo yatokee. Fungua Terminal, andika `csrutil enable`, kisha uiwashe upya. Ukipata `unknown (Custom Configuration)`, ngoja kwanza. Huenda aliyekuuzia aliweka macOS mpya kwenye mashine ya zamani kwa kutumia OpenCore Legacy Patcher, ambayo hupunguza SIP ili marekebisho yake yakubaliwe. Ukiirudisha yote kwa pupa, mashine inaweza kugoma kuwaka. Mwulize aliyeisakinisha, na uhifadhi nakala ya kazi zako kabla ya kugusa chochote.