Chakula Kikavu cha Mwanafunzi Anayesafiri Ng'ambo

Kijana wa Migwani akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, desturi yetu inajulikana. Kila mama analeta gorogoro ya kitu alichovuna. Huyu ndengu, yule mbaazi, mwingine unga. Siku ya safari mzigo umekuwa kilo kumi na tano, na nusu yake inaachwa nyumbani kwa sababu tiketi ina kikomo cha uzito wa mizigo, na nguo lazima ziingie humo pia. Afadhali kikundi kikae mapema, kichague aina chache, na kipime. Tutaona hapa kwamba kilo nne zinatosha wiki tatu.

Kwa nini wiki tatu? Hebu tumchukue binti anayekwenda Ujerumani mwishoni mwa Septemba, kwa sababu vyuo vingi huko vinaanza masomo Oktoba. Mwanafunzi wa kutoka nchi zetu huonyesha fedha zake katika akaunti maalumu iliyofungwa, na huruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Hata hicho hakitoki mpaka amefika na kukamilisha karatasi za benki. Kwa hivyo wiki za kwanza ana pesa kidogo ya mkononi. Tena, Jumapili maduka mengi ya huko yanafungwa. Akifika Jumamosi usiku bila chakula, atalala njaa mpaka Jumatatu.

Kitu gani kinapita mpakani

Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kubeba nyama wala maziwa, hata yakiwa makavu. Kwa hivyo unga wa uji uliochanganywa na maziwa ya unga usiwekwe. Mboga na matunda mabichi, kama maembe, yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa Kenya kinatolewa na KEPHIS. Unga hauna maswali mengi kama mbegu nzima, kwa sababu mbegu inaweza kuota. Kila pakiti iandikwe jina na neno "chakula" kwa lugha ya Kiingereza. Anayekwenda Amerika au Australia lazima atangaze kila chakula alicho nacho anapofika, hata kama ni kidogo. Sheria hizi hubadilika, basi aulize ubalozi kabla ya kufunga begi.

Kuchagua: tazama moto, usitazame utamu tu

Muthokoi ndio chakula ambacho kila mtoto wetu atakitamani. Lakini unataka kulowekwa usiku kucha na kuchemka saa mbili au tatu. Katika jiko la hosteli ambalo watu kumi wanalingoja, hiyo si rahisi siku ya kwanza. Ndengu hazihitaji kulowekwa, na zinaiva kwa dakika 30 hadi 45. Kwa hivyo wiki ya kwanza iwe ya ndengu, na muthokoi ungoje mpaka amezoea jiko. Mchele usibebwe, unapatikana huko kwa bei nafuu.

Ndengu zetu nyingi huvunwa Januari na Februari, baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Kufikia Septemba zimekaa miezi saba, na hapo ndipo shida. Fukusi hutaga mayai tangu shambani, na buu hukua ndani ya mbegu ambayo kwa nje ni safi kabisa. Mwanzoni mwa Agosti chukua ndengu na kunde kidogo, tia katika chupa safi ya plastiki, funga, na uache mwezi mmoja. Ukiona matundu na vumbi, mzigo wote una wadudu. Mzigo wenyewe uutandaze jua kali la mchana juu ya nailoni nyeusi, tabaka jembamba, ufunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na ubane kingo kwa mawe. Joto la huko ndani huua wadudu na mayai yao. Kisha pakia katika mfuko usiopitisha hewa. Nafaka iliyotiwa dawa ya ghalani isibebwe.

Mahindi yana hatari nyingine kubwa zaidi. Mwaka wa 2004 hapa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu, ile iitwayo aflatoksini, na 125 wakafa. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Mahindi ya unga na ya muthokoi yachambuliwe kwa mkono, na kila punje yenye ukungu, iliyovunjika au iliyobadilika rangi itupwe. Halafu pima ukavu. Tia punje katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, uache zitulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Muthokoi hutwangwa kwa maji kidogo, kwa hivyo baada ya kutwanga ni lazima uanikwe tena na kupimwa tena.

Majani ya kunde yatiwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, kisha yakaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A. Yakivunjika mkononi kama karatasi, yamekauka.

Hesabu ya wiki tatu

Mchana binti atakula katika mkahawa wa chuo. Asubuhi ni uji, vijiko vitano vya unga, kama gramu 50. Jioni ndiyo tunapanga. Kila wiki anapika sufuria kubwa mara mbili, na kila moja inamlisha jioni tatu. Jioni ya saba ni ugali wa gramu 200 na majani ya kunde.

Wiki ya kwanza, sufuria zote mbili ni ndengu, gramu 300 kila moja, na mchele wa kununua huko. Wiki ya pili na ya tatu, sufuria moja ni ndengu na nyingine ni muthokoi gramu 300 na kunde gramu 150, apike Jumamosi akiwa na nafasi. Baada ya kula, chakula kikipoa kidogo kiingie frijini usiku huohuo, maana muthokoi ukiachwa nje huchacha.

Jumla ya mzigo ni hii:

- Ndengu: kilo 1 na gramu 200
- Muthokoi: gramu 600
- Kunde: gramu 300
- Unga wa ugali: gramu 600
- Unga wa uji: kilo 1 na gramu 50
- Majani ya kunde: gramu 100

Zote ni kilo 3 na gramu 850. Aongeze sufuria moja nyepesi na mwiko mdogo, kwa sababu vyumba vingi havina vyombo.

Jambo la mwisho. Sehemu nyingi za Ujerumani maji yana chokaa, na maji ya namna hiyo huchelewesha mbegu kuiva. Kunde zikikataa kulainika, asidhani ameuziwa mbovu. Azilowe usiku kucha, na atie chembe ya magadi soda wakati wa kuchemsha. Na wiki moja kabla ya safari, binti mwenyewe apike kila kitu kilichomo katika orodha hii, kwa vipimo hivihivi, kwa sufuria atakayoibeba. Kama kuna kitu kigumu kuiva, ni heri akijue akiwa bado Migwani, ambako kubadilisha ni kuvuka boma tu.