Kwa Nini Ankara Moja Humfikia Mteja Mara Tatu

Mwisho wa mwezi una tabia ya kufichua kasoro za kompyuta. Tuchukue mamlaka ya maji ya mji wa kubuni, yenye wateja elfu kadhaa. Siku ya kutoa ankara, mteja anapata SMS ya bili yake asubuhi. Kabla hajaifunga simu inaingia ya pili, kisha ya tatu, zote zina namba ileile ya ankara na kiasi kilekile. Mwingine anadhani anadaiwa mara tatu, anapanda daladala hadi ofisini kulalamika. Fundi wa kompyuta anapekua programu mstari kwa mstari na haoni pa kulaumu. Kweli programu haina kosa. Kosa limo katika tarakimu moja kwenye mipangilio ya foleni, na tarakimu hiyo hakuna aliyeiandika. Ilikuja na huduma yenyewe.

Mifumo mingi ya leo haifanyi kazi zote papo hapo. Ofisa anapobonyeza kitufe cha kutoa ankara, mfumo hautengenezi ankara elfu kadhaa huku yeye akisubiri. Unaandika ujumbe mfupi kwa kila mteja, wenye namba ya mita na mwezi husika, na kuziweka jumbe hizo katika foleni kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni kubwa za huduma za kompyuta. Upande wa pili kuna programu kadhaa zinazochota kutoka kwenye foleni, tuziite vibarua. Kila kibarua huchukua ujumbe, hukokotoa bili, hutengeneza faili ya PDF, hutuma SMS, kisha hurudi kuchukua mwingine. Mojawapo ya foleni za namna hiyo zinazotumika sana ni ile ya Amazon inayoitwa SQS, ambayo ilifunguliwa rasmi kwa wateja wote mwaka 2006. Nitaitumia hiyo kueleza.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kibarua anapochukua ujumbe, ujumbe hautoki kwenye foleni. Unabaki palepale, ila unafichwa ili vibarua wengine wasiuone kwa muda fulani. Kibarua akimaliza kazi, yeye mwenyewe anapaswa kuagiza ufutwe. Asipoagiza hadi muda ule uishe, ujumbe unaonekana tena na yeyote anaweza kuuchukua.

Utaratibu huu una maana nzuri. Seva huzimika, umeme hukatika, programu hukwama katikati. Kama ujumbe ungefutwa mara tu unapochukuliwa, kibarua akifa na ankara mkononi ankara hiyo ingepotea moja kwa moja. Kwa kuuficha tu, foleni inajiwekea akiba: kibarua akitoweka, baada ya muda kazi yake itaangukia mikononi mwa mwingine. Tatizo ni kwamba foleni haina njia ya kumtofautisha kibarua aliyekufa na kibarua anayechelewa. Haimpigii hodi kumuuliza. Inachojua ni saa tu.

Na saa hiyo, usipoigusa, imetegwa sekunde 30. Unaweza kuweka muda wowote kuanzia sekunde 0 hadi saa 12, lakini watu wengi huunda foleni na kuacha ilivyo. Katika majaribio hakuna anayegundua lolote. Ankara moja ikichukua sekunde 8, kibarua anafuta ujumbe wake zikiwa zimebaki sekunde 22, na kila mtu anaenda nyumbani akiwa ameridhika.

Sasa fika mwisho wa mwezi. Hifadhidata inaulizwa na vibarua wote kwa wakati mmoja, mtambo wa SMS nao umeelemewa, na ankara iliyokuwa ikichukua sekunde 8 sasa inachukua 45. Kibarua wa kwanza anachukua ujumbe sekunde ya 0. Sekunde ya 30 ujumbe unafichuka, na kibarua wa pili anauchukua bila kujua kwamba mwenzake bado anaushughulikia. Sekunde ya 45 wa kwanza anamaliza, SMS inakwenda, naye anaagiza ujumbe ufutwe.

Hapa pana mtego ambao hata mafundi wazoefu huusahau. Kila mara ujumbe unapochukuliwa, SQS humpa mchukuaji risiti mpya, na ili kufuta ni lazima uonyeshe risiti ya karibuni zaidi. Risiti ya kibarua wa kwanza imeshapitwa, kwa kuwa mwenzake ameshapewa nyingine. Foleni ya kawaida haimkatalii kwa ukali. Inaweza kumjibu kwamba ombi limefaulu, na huku ujumbe usifutwe. Kwa hiyo kumbukumbu za kibarua wa kwanza zinaonyesha kazi safi isiyo na hitilafu. Sekunde ya 60 muda wa kibarua wa pili nao unaisha, wa tatu anauchukua. Sekunde ya 75 mteja anapata SMS ya pili, sekunde ya 105 ya tatu.

Kwa kuwa kila kibarua anahitaji sekunde 45 na anapewa 30, mzunguko huu hauna sababu ya kukoma wenyewe. Tena unajilisha: ankara moja sasa inashughulikiwa na vibarua wawili kwa pamoja, hifadhidata iliyokwisha elemewa inapata maswali maradufu, na sekunde 45 zinageuka 60. Ujumbe utaendelea kuzunguka hadi risiti fulani ibahatike kuufuta, au hadi muda wa kuhifadhiwa uishe, ambao kwa kawaida ni siku 4.

Wengine huweka kinga ya namna nyingine: ujumbe uliochukuliwa mara 3, kwa mfano, bila kufutwa, uhamishiwe kwenye foleni ya kando inayokusanya kazi zilizoshindikana. Ni kinga nzuri, ila katika hali hii inaleta kituko. Ankara iliyotumwa kikamilifu mara tatu inaonekana kwenye orodha ya zilizoshindikana. Ofisa mwenye bidii anaiona, anairudisha kwenye foleni kuu ili itumwe upya, na mteja anapata SMS ya nne.

Kuna njia nyingine ya kuingia kwenye shimo hilihili hata kazi ikiwa nyepesi. SQS humruhusu kibarua kuchukua jumbe hadi 10 kwa mkupuo, na kufanya hivyo hupunguza gharama. Lakini saa ya jumbe zote kumi huanza kuhesabu pamoja, pale zinapopokewa. Rudi kwenye siku ya kawaida, sekunde 8 kwa ankara, kibarua akizishughulikia moja baada ya nyingine. Ya kwanza inakwisha sekunde ya 8, ya pili ya 16, ya tatu ya 24. Ya nne inakwisha sekunde ya 32, ikiwa imeshafichuka sekunde mbili kabla. Katika kumi, saba zimo hatarini kutumwa mara mbili, ingawa kila moja peke yake inaenea ndani ya sekunde 30 mara tatu na zaidi. Muda wa kupima ni wa mkupuo mzima, si wa ujumbe mmoja.

Kujua kama haya yanakutokea si kazi kubwa. Ukiiomba, SQS hukupa pamoja na kila ujumbe hesabu iitwayo `ApproximateReceiveCount`, yaani ujumbe huu umeshachukuliwa takriban mara ngapi. Iandike kwenye kumbukumbu za kibarua pamoja na muda ambao kazi ilichukua. Hesabu ikiwa 2 au zaidi wakati hakuna kibarua aliyeanguka, na muda wa kazi unazidi muda wa kufichwa, umempata mhalifu.

Dawa inaanza na kipimo, si kukisia. Usitazame wastani; tazama kazi nzito kuliko zote katika siku mbaya kuliko zote. Kwa mamlaka yetu ya maji hiyo ni sekunde 45, na ningependekeza mambo mawili: kibarua achukue ujumbe mmoja mmoja, na muda wa kufichwa uwe sekunde 180, mara nne ya muda huo. Amri yake ni hii:

```
aws sqs set-queue-attributes \
  --queue-url "$URL" \
  --attributes VisibilityTimeout=180
```

Wanaotumia huduma ya Lambda kama kibarua wana kanuni ya Amazon yenyewe: muda wa kufichwa uwe angalau mara sita ya muda wa juu ambao programu imeruhusiwa kukimbia. Wengine huiona nyingi mno, lakini nafasi hiyo inahitajika pale Lambda inapozuiwa kwa wingi wa kazi na kulazimika kujaribu tena.

Mbona basi tusiweke saa 12 tukalala usingizi? Kwa sababu kibarua akifa kweli, ankara aliyokuwa nayo itakaa gizani saa hizo zote, na hakuna mwingine atakayeiona. Muda mrefu huzuia SMS ya pili, lakini huchelewesha ya kwanza pale mambo yanapoharibika. Kwa sekunde 180, mteja atangoja dakika tatu tu. Kibarua anayejua kwamba ameshindwa anaweza hata kuweka muda wa ujumbe ule kuwa 0, ukafichuka papo hapo.

Kazi ambazo urefu wake hautabiriki, kama kugeuza faili za video, zinahitaji mbinu nyingine. Anza na muda mfupi, sema sekunde 60, na kila baada ya sekunde 30 kibarua aombe nyongeza kwa amri ya `ChangeMessageVisibility`. Akiwa hai, ujumbe unabaki umefichwa. Akifa, maombi yanakoma na ndani ya dakika moja mwingine anauchukua. Kumbuka kwamba muda mpya huhesabiwa kuanzia ombi linapofika. Ukiandika 60 utapata sekunde 60 kuanzia sasa, si 60 juu ya zilizosalia.

Hata ukipanga yote haya vizuri, foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha kila ujumbe angalau mara moja. Haiahidi mara moja tu. Nakala zake hukaa kwenye seva kadhaa, na seva moja ikiwa haipatikani wakati wa kufuta, nakala inaweza kurudi baadaye. Kwa hiyo kabla ya kutuma SMS, kibarua aandike namba ya ankara kwenye jedwali lisilokubali namba kujirudia. Ikikataliwa, aiache SMS na kuufuta ujumbe. Muda sahihi unayafanya marudio yawe nadra, na jedwali hilo linayafanya yasimguse mteja.

Ukihamia wingu jingine, usihame na tarakimu zako. Pub/Sub ya Google huanza na sekunde 10 na kikomo chake ni 600, ingawa maktaba zake za programu huomba nyongeza zenyewe. Service Bus ya Microsoft hufunga ujumbe kwa dakika 1, na haikubali zaidi ya 5 bila kuomba upya. Na kwenye SQS kikomo cha saa 12 huhesabiwa tangu ujumbe ulipopokewa, hata uombe nyongeza mara ngapi. Kazi inayozidi hapo isiwekwe kwenye ujumbe mmoja, igawe vipande.