Mlango Ulioshuka na Tundu la Skrubu Lisiloshika

Mlango unaoburuza sakafuni upande wa kitasa, mara nyingi haujavimba wala haujapinda. Umeshuka, na iliyouachia ni bawaba ya juu. Uzito wa mlango huisukuma bawaba ya chini kwenye fremu, lakini bawaba ya juu huivuta nje kila unapofunguliwa. Skrubu za juu ndizo zinazochoka kwanza. Nyuzi za mbao zilizoshikwa na meno ya skrubu hukatika, tundu linapanuka, na kuanzia hapo skrubu inazunguka tu bila kukaza.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango nusu, ushike kitasa na uunyanyue kidogo huku mwenzako akitazama bawaba ya juu. Ikiwa bamba la bawaba linacheza juu ya mbao na vichwa vya skrubu vinatoka na kurudi, tatizo ni matundu. Ikiwa bamba limetulia na kinachocheza ni pini, bawaba yenyewe imelika, na huna budi kuibadilisha. Mlango usiocheza popote lakini unakwama msimu wa mvua peke yake umevimba, nao una tiba nyingine.

Mara nyingi ubovu huu ulianza siku ya kwanza. Fundi mwenye haraka hupigilia skrubu kwa nyundo kama misumari, kisha akaizungusha mara mbili kwa bisibisi mwishoni. Kwa macho kazi ni safi. Ndani, mbao imeshachanika, na skrubu inashika kwa muda tu.

Dawa inayosemwa sana ni kuweka skrubu ndefu zaidi, na ni dawa nzuri pale tu penye mbao ya kushika. Nyumba zilizojengwa kwa fremu za mbao ukutani huwa na nguzo nyuma ya mwimo, kwa hiyo skrubu ya inchi 3 huifikia na kushika vizuri. Nyumba zetu nyingi ni za tofali. Tuseme fremu ya chumbani ni ya mbao ya inchi 2, na fundi amechimba nusu inchi ili mlango ukae. Mbao iliyobaki nyuma ya bawaba ni inchi 1 na nusu, na baada yake ni plasta na tofali. Skrubu ya inchi 1 iliyolegea unaweza kuibadilisha kwa ya inchi 1 na nusu, ikaingia kwenye mbao ambayo haijaguswa. Ya inchi 3 itagonga tofali, na ukilazimisha itasukuma fremu au kuvunja kichwa chake. Upande wa mlango wenyewe, kama ni wa paneli, una nafasi zaidi, na inchi 2 si tatizo. Mlango mwepesi ulio wazi ndani una kipande chembamba tu cha mbao ukingoni. Skrubu ndefu hukipita ikaishia hewani.

Pasipofaa skrubu ndefu, ziba tundu utoboe upya. Hapa pati huwaangusha wengi. Pati laini ya kopo, na hata vumbi la msumeno lililokorogwa na gundi, ni za kuficha vichwa vya misumari; zikikauka hunywea, na skrubu ikivutwa zinamomonyoka. Pati inayoshika ni ile ya kuchanganya na hadena, ikajazwa hadi chini ya tundu bila kuacha hewa. Mimi nachagua mbao, kwa sababu hushika skrubu kama mbao ya awali.

Saidia mlango kwanza kwa kabari chini ya upande wa kitasa, hadi nafasi ya juu ilingane. Fungua bawaba ya juu peke yake, za chini uziache. Panua kila tundu kwa drili ya milimita 8 au 10, ukiondoa nyuzi zilizooza. Chonga kijiti cha mbao ngumu, mninga au mvule, kinachoingia kwa kugongwa polepole. Kipake gundi ya mbao pande zote, ukigonge hadi mwisho, na ukiache hadi kesho yake. Kisha kata kichomoze sawa na fremu kwa patasi.

Sasa toboa katikati ya kijiti tundu dogo kuliko skrubu: kwa skrubu nene ya milimita 4, drili ya milimita 3 inafaa kwenye mbao ngumu. Ukiliruka tundu hili, kijiti kinapasuka na kazi yote imepotea. Paka sabuni kavu kwenye meno, kaza kwa bisibisi ya mkono, na usimame mara kichwa kinapokaa sawa na bamba. Ukizidisha nusu mzunguko, unachana nyuzi ulizozitengeneza.

Toa kabari na urudie jaribio la kunyanyua. Kama bawaba ya juu imetulia lakini ulimi wa kitasa bado haupati tundu lake, kagua skrubu za bawaba ya chini kabla ya kuchonga fremu.