Barua ya pili kabla ya likizo

Fomu ya likizo huishia kwa msimamizi. Akishaitia sahihi, siku zako umezipata na fomu inarudi kwenye faili. Anayetoa marupurupu ya likizo ni mtu mwingine, yule mhasibu wa mishahara, na ile sentensi uliyoibandika chini ya fomu, "naomba pia pesa zangu za likizo", mara nyingi haimfikii. Ndiyo maana ombi la pesa lafaa kuwa na barua yake.

Kwa aliyeajiriwa Kenya, kuna la kuangalia kabla ya kushika kalamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kamili baada ya kila miezi 12. Marupurupu ni jambo jingine: aghalabu hutokana na mkataba wako wa kazi, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kitafute kifungu chenyewe. Kikisema yalipwe kabla ya kuondoka, wewe unakumbusha tu. Kikinyamaza kuhusu wakati, unaomba hisani, na lugha yako ionyeshe hivyo.

Tuseme mhudumu wa hoteli Mombasa anakwenda kwao Kakamega, likizo inaanza tarehe 3 Desemba, na orodha ya mishahara ya Novemba hufungwa tarehe 18. Akiandika tarehe 25, pesa zitakuja na mshahara wa Desemba, naye kashakopa nauli, tena nauli za Krismasi! Basi mapema Novemba anaandika:

"Kwa heshima, narejelea likizo yangu iliyoidhinishwa kuanzia tarehe 3 Desemba. Naomba marupurupu yangu ya likizo, yaliyotajwa katika kifungu cha 14 cha mkataba wangu, yalipwe pamoja na mshahara wa Novemba ili yanisaidie kwa nauli. Nimeambatisha nakala ya fomu iliyotiwa sahihi. Ikiwa kuna kizuizi, nitashukuru kufahamishwa kabla ya tarehe 18."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Haimtishi mtu, lakini inamfanya mhasibu ajibu orodha ikiwa bado wazi. Na ombi likikataliwa, likizo haiguswi, kwa kuwa hukuzifunga pamoja. Habari za karo na paa linalovuja hazihitajiki, nauli inatosha.

Usitarajie kiasi kamili mkononi. Marupurupu yakilipwa kama pesa taslimu huhesabiwa katika mapato ya mwezi huo na kukatwa kodi. Hati ya mshahara ikitoka, yatazame yameandikwa wapi. Yanapaswa kuwa upande wa mapato, kwa jina lake. Ukikuta yameitwa karadha au malipo ya awali ya mshahara, rudi kwa mhasibu kabla hujapanda basi, la sivyo Desemba utakatwa pesa hizo hizo.