Kasoro 240 Katika Picha Moja: Jinsi ya Kusoma Chati ya Pareto

Msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule anapiga picha ya chati iliyobandikwa ukutani na kumtumia mwenye karakana, ambaye yuko safarini. Kwenye picha kuna nguzo saba zilizopangwa kutoka ndefu kwenda fupi, na juu yake mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Pembeni pameandikwa kwa kalamu: kasoro 240, mwezi mmoja. Mwenye karakana anaitazama nguzo ya kwanza, anaona inakaribia kugusa mia, kisha anajibu haraka: "Kumbe asilimia tisini ya kasoro ni mishono inayofumuka!"

Amekosea, na si kidogo. Mishono iliyofumuka ni asilimia 37.5 tu ya kasoro zote. Karakana hii ni ya mfano, na takwimu zake zimetungwa ili hesabu ifuatike vizuri, lakini kosa la mwenye karakana hufanywa kila mahali chati za namna hii zinapotumika.

Chati ya Pareto ina mihimili miwili ya wima. Mhimili wa kushoto huhesabu kasoro zenyewe: kumi, ishirini, hamsini. Wa kulia huonyesha asilimia, kuanzia sifuri hadi mia. Nguzo husomwa kwa mhimili wa kushoto, na mstari husomwa kwa mhimili wa kulia. Mwenye karakana aliichukua nguzo yenye kasoro 90 akaisoma kwa mhimili wa kulia, na tisini ikageuka asilimia tisini.

Chati iliyochorwa kwa uangalifu humkinga msomaji na kosa hilo. Ndani yake, jumla ya kasoro zote upande wa kushoto hulingana kwa urefu na asilimia 100 upande wa kulia. Kama jumla ni 240, basi 240 na asilimia 100 hukaa kwenye usawa mmoja, na nukta ya kwanza ya mstari hufikia usawa uleule wa kilele cha nguzo ya kwanza. Katika picha hii sivyo. Mhimili wa kushoto umeishia 100, na nukta ya kwanza ya mstari imeangukia chini kabisa, tumboni mwa nguzo ya kwanza. Hiyo ni alama ya wazi kwamba pande mbili za chati zina vipimo tofauti. Chati bado inasomeka, mradi kila kitu kisomwe kwa mhimili wake.

Kazi inayofuata ni kurudisha namba kutoka kwenye picha, maana mchoraji hakuandika idadi juu ya nguzo. Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kupima kwa rula. Tuseme picha imechapishwa na urefu wa mhimili wa kushoto, kutoka 0 hadi 100, ni milimita 50. Kwa hiyo milimita moja ni sawa na kasoro mbili. Nguzo ya pili ina urefu wa milimita 32.5, yaani kasoro 65. Akiendelea hivyo kwa nguzo zote, msomaji anapata 91, 65, 37, 22, 15, 9 na 13. Anazijumlisha: 252.

Lakini pembeni pameandikwa 240. Kasoro kumi na mbili za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mkono wa mpiga picha. Chati ilikuwa juu ukutani, naye aliinua simu akiwa chini yake, hivyo sehemu ya juu ya chati ilikuwa mbali zaidi na kamera kuliko sehemu ya chini. Kitu kilicho mbali huonekana kidogo. Kwenye picha, nafasi kati ya mstari wa gridi wa 0 na wa 20 ni milimita 11, ilhali nafasi kati ya 80 na 100 ni milimita 9, ingawa ukutani ni sawa. Rula inayodhani kwamba nafasi zote ni sawa huzirefusha nguzo, hasa zile za kati na za chini.

Dawa yake ni rahisi: nguzo isipimwe kwa mhimili mzima, ipimwe kati ya mistari miwili ya gridi iliyo karibu na kilele chake. Nguzo ya pili imeuvuka kidogo mstari wa 60, kama sehemu moja ya kumi ya njia ya kuelekea 80. Sehemu moja ya kumi ya 20 ni 2, hivyo nguzo hiyo ni 62, si 65. Kwa njia hiyo nguzo zote zinatoka hivi: mishono iliyofumuka 90, mishono iliyoruka 62, madoa ya mafuta 34, vifungo vilivyolegea 20, kola zilizopinda 14, lebo za saizi zilizokosewa 8, na mengineyo 12. Jumla ni 240 kamili.

Nguzo ya "mengineyo" ni ndefu kuliko ya lebo, lakini imewekwa mwisho. Hilo si kosa. Ndani yake mmekusanywa vitu vidogo vidogo visivyohusiana, kwa hiyo mahali pake ni mkiani hata inapowazidi majirani zake.

Sasa asilimia limbikizi. Neno linaweza kutisha, ila hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kugawanya. Msomaji anaanza na nguzo ya kwanza: 90 kugawanya kwa 240 ni asilimia 37.5. Anaongeza ya pili: 90 na 62 ni 152, ambayo ni asilimia 63.3 ya 240. Anaongeza madoa ya mafuta: 186, asilimia 77.5. Vifungo vinaifikisha 206, asilimia 85.8. Kola, 220, asilimia 91.7. Lebo, 228, asilimia 95. Mengineyo yanafunga hesabu kwa 240, asilimia 100. Kila mara kinachogawanywa ni jumla iliyokusanywa hadi hapo, na kigawanyo ni kilekile, 240. Anayejumlisha asilimia zilizokwisha kupunguzwa desimali huweza kujikuta ameishia 99 au 101. Anayejumlisha kasoro kwanza ndipo agawanye hapati shida hiyo.

Namba hizo saba ndizo nukta za mstari unaopanda, na hapo ndipo uzuri wa chati hii ulipo: habari ileile imeandikwa mara mbili, mara kwa nguzo na mara kwa mstari. Kama picha ina ukungu kwenye nguzo ya pili, mstari unaweza kutoa ushahidi badala yake. Nukta ya kwanza iko kama asilimia 37.5, ya pili kama 63.5. Tofauti ni 26. Asilimia 26 ya 240 ni kama 62. Mashahidi wawili wamekubaliana. Wakitofautiana kwa kasoro moja au mbili, ni macho tu. Wakitofautiana kwa kumi, kuna nguzo iliyosomwa vibaya, au mchoraji mwenyewe alikosea.

Baada ya namba kuthibitika, swali la msingi linaweza kuulizwa: ni aina zipi chache zinazoleta sehemu kubwa ya kasoro? Wengi hukimbilia kuchora mstari wa asilimia 80 na kuhesabu nguzo zilizo kushoto kwake. Katika karakana hii, aina tatu zinafika 77.5 na ya nne inavuka hadi 85.8. Je, vifungo viingizwe kwa sababu ya asilimia mbili na nusu zilizopungua? Themanini si sheria ya maumbile. Kilicho bora kutazama ni mahali mstari unapovunjika mgongo. Mishono iliyofumuka imeupandisha kwa pointi 37.5, iliyoruka kwa karibu 26, madoa kwa 14. Baada ya hapo vifungo vinaongeza 8, kola 6, na mstari unalala. Aina tatu za mwanzo ndizo chache zinazobeba mzigo.

Mtu aliyeingiza wazo hili viwandani alikuwa Joseph Juran, mzaliwa wa Romania mwaka 1904, aliyeanza kazi mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago. Aliona kwamba katika kila orodha ya kasoro, chache hubeba nyingi, naye akaupa mtindo huo jina la Vilfredo Pareto, mchumi aliyekuwa amechunguza jinsi mapato na mali zinavyogawanyika kati ya watu. Mwaka 1975 Juran aliandika makala ya kukiri kosa: Pareto hakuwahi kuzungumzia kasoro za viwandani, na mistari limbikizi aliyoichora yeye Juran ilifuata kazi ya Max Lorenz ya mwaka 1905. Jina lilikuwa limekwisha kukaa.

Kuna mtego mmoja ambao hata picha safi na hesabu sahihi haziuondoi. Chati hii imehesabu kasoro, haikuhesabu hasara. Tuseme kurudia mshono uliofumuka kunagharimu shilingi 200, na ulioruka shilingi 300. Doa la mafuta ya cherehani lisilotoka hulifanya shati liuzwe kwa bei ya chini, hasara ya shilingi 3,500. Kola iliyopinda hufumuliwa na kushonwa upya kwa shilingi 2,500. Kifungo ni shilingi 150, lebo 100, mengineyo kwa wastani 300.

Zidisha kila idadi kwa gharama yake, na jumla ya hasara ya mwezi ni shilingi 198,000. Madoa ya mafuta, yaliyokuwa ya tatu, yamechukua 119,000 peke yake, asilimia 60.1. Kola, zilizokuwa za tano na zilizokaribia kusahauliwa, zimepanda hadi nafasi ya pili kwa 35,000. Zote mbili zinafikisha asilimia 77.8. Mishono iliyofumuka, iliyomshtua mwenye karakana, imeshuka hadi nafasi ya nne kwa shilingi 18,000, nyuma ya mishono iliyoruka yenye 18,600.

Chati zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inamwambia msimamizi ni kazi gani inayorudiwa mara nyingi zaidi, pengine kwa sababu ya sindano butu au uzi uliokazwa vibaya. Ya pili inamwambia mwenye mali fedha zinavujia wapi, naye ataanza na mashine zinazodondosha mafuta kabla ya kununua sindano mpya.

Kwa hiyo anayepokea picha ya chati ya Pareto kwenye simu yake amwulize aliyeituma mambo matatu kabla ya kuamua lolote: jumla ni ngapi, imekusanywa kwa muda gani, na nguzo zinahesabu kasoro, mashati au shilingi. Shati moja linaweza kuwa na doa na mshono uliofumuka kwa pamoja, hivyo kasoro 240 hazina maana ya mashati 240.