Chanzo cha Mshono wa Mwanga Kwenye Maumbo ya 3D

Ramani ya mielekeo ni picha inayolipa umbo jepesi la mchezo wa kompyuta sura ya mikunjo na nundu. Rangi ya kila nukta hueleza uso umeelekea wapi, kwa kufuata mihimili mitatu inayokokotolewa kwenye kila pembe. Blender hutengeneza ramani hiyo kwa kanuni ya MikkTSpace. Injini ikitumia kanuni nyingine, mwanga hukosewa na mstari hujitokeza pale ngozi ya umbo ilipokatwa. Mstari ukibadilika taa inapozungushwa, mara nyingi kosa ni la mihimili, si la picha ya rangi. Katika Unity, tiba ni kuchagua `Calculate Mikktspace` kwenye `Tangents`, na kuligawa umbo katika pembetatu kabla ya kutengeneza ramani, ili pande zote mbili zikokotoe pembetatu zilezile.